Hakuna Aliyeona, Lakini Hatia Imethibitika

"Nani aliniona?" Washtakiwa wengi hujitetea hivyo, na wasikilizaji wengi mahakamani huitikia kwa kichwa wakiamini kwamba bila shahidi wa macho hakuna kesi. Sheria haisemi hivyo. Inatambua njia mbili za kuthibitisha jambo, na haikuweka moja juu ya nyingine.

Njia ya kwanza ni ushahidi wa moja kwa moja. Shahidi anasema, "Nilimwona Juma akimchoma Ali kisu." Mahakama ikimwamini, jambo limethibitika. Njia ya pili ni ushahidi wa mazingira. Hapa hakuna aliyeona tendo lenyewe, bali mashahidi kadhaa, kila mmoja kwa wakati wake, waliona mambo madogo yanayolizunguka tendo: nani alinunua nini, alisema nini, alikuwa wapi saa ngapi, alifanya nini baadaye. Mahakama huyapanga mambo hayo na kujiuliza yanaelekea wapi.

Tunauamini zaidi ushahidi wa kwanza kwa sababu ni rahisi kuufuata. Lakini shahidi wa macho anaweza kusema uongo, na anaweza pia kusema kweli ya moyo wake huku amekosea. Ndiyo maana mwaka 1980, katika kesi ya Waziri Amani, Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilionya kwamba utambuzi wa macho usitegemewe mpaka uwezekano wote wa kumfananisha mtu uondolewe. Shahidi alimtazama mtuhumiwa kwa muda gani? Walikuwa umbali gani? Mwanga ulikuwaje? Walikuwa wakifahamiana? Upande wa pili, risiti ya duka haina kinyongo na mtu, na muuza duka hajui kwamba bei aliyoitaja itakuja kuwa sehemu ya kesi ya mauaji.

Kesi inayoonyesha jambo hili vizuri ni ile ya George Joseph Smith, iliyosikilizwa London mwaka 1915. Julai 1912, katika mji wa Herne Bay nchini Uingereza, Smith aliishi na mwanamke aitwaye Bessie Mundy, aliyedhani ni mke wake halali. Bessie alikuwa na mali ya urithi yenye thamani ya zaidi ya pauni 2,500. Tarehe 8 waliandikiana wosia, kila mmoja akimwachia mwenzake mali yake. Siku zilezile Smith alitafuta beseni kubwa la kuogea na kuomba apunguziwe bei. Akampeleka Bessie kwa daktari na kueleza kwamba amepatwa na kifafa. Tarehe 13 Bessie alikutwa amekufa ndani ya beseni hilo. Uchunguzi wa kifo ukaamua kuwa ni ajali: mgonjwa wa kifafa amezama. Smith akalirudisha beseni dukani na kuchukua urithi.

Mpaka hapo, hakimu mwenye busara asingemtia hatiani. Watu huandika wosia. Watu hununua mabeseni. Wagonjwa wa kifafa huzama. Kila jambo lina maelezo yake yasiyo na hatia.

Desemba 1913, mjini Blackpool, mke mwingine wa Smith, Alice Burnham, alikufa akiwa anaoga. Walikuwa wameoana wiki chache tu, na maisha yake yalikuwa yamekatiwa bima ya pauni 500. Kabla ya hapo Smith alikataa nyumba moja ya kupanga kwa sababu haikuwa na beseni la kuogea. Desemba 1914, jijini London, Margaret Lofty alikufa akiwa anaoga, siku moja tu baada ya kuolewa na mtu aliyejiita John Lloyd. Alikuwa na bima ya pauni 700, na siku ileile ya kifo chake aliandika wosia. Baba yake Alice alisoma habari hiyo gazetini, akaona inafanana mno na yaliyompata binti yake, akapeleka taarifa polisi. John Lloyd alikuwa Smith.

Smith alishtakiwa kwa kumuua Bessie peke yake, lakini mahakama iliruhusu habari za vifo vile viwili zisikike, kwa sababu zilisaidia kujibu swali moja: je, kifo cha Bessie kilikuwa ajali? Wanawake watatu, wote walioana na mtu mmoja, wote walipelekwa kwa daktari kwa ajili ya maradhi ambayo aliyeyasimulia zaidi ni yeye, wote walikufa wakiwa wanaoga, na kila kifo kilimpa yeye haki ya kudai fedha. Mpelelezi Arthur Neil alifanya pia jaribio kwa msaada wa mwanamke aliyezoea kupiga mbizi. Alipovutwa miguu ghafla, kichwa kilizama na akapoteza fahamu mara moja, bila nafasi ya kupigana. Hilo lilieleza kwa nini miili haikuwa na alama kubwa za mapambano. Jopo la wananchi lilichukua chini ya nusu saa kumtia hatiani, na alinyongwa Agosti 1915. Hakuna hata shahidi mmoja aliyemwona akiua.

Angalia jinsi uzito ulivyopatikana. Tumezoea kuuita ushahidi huu mnyororo, lakini mwaka 1866 jaji mmoja wa Kiingereza, Pollock, alisema unafanana zaidi na kamba: uzi mmoja hauwezi kubeba mzigo, nyuzi nyingi zikisokotwa pamoja zinaubeba. Ukiondoa jaribio la Neil katika kesi ya Smith, kesi bado inasimama. Lakini mambo mengine ni pete za mnyororo kweli. Kama upande wa mashtaka ungeshindwa kuthibitisha kwamba John Lloyd na Smith ni mtu mmoja, kifo cha Margaret kingetoka kabisa katika hesabu.

Nyuzi zenyewe lazima ziwe za kweli. Nchini Australia, Lindy Chamberlain alitiwa hatiani mwaka 1982 kwa kumuua mtoto wake mchanga, ingawa alisema tangu mwanzo kwamba mtoto alibebwa na mbwa mwitu. Ushahidi mkubwa ulikuwa madoa ndani ya gari, ambayo wataalamu walisema ni damu ya mtoto mchanga. Baadaye ilibainika kwamba sehemu kubwa ya madoa hayo ilikuwa kemikali ya kuzuia kelele iliyopulizwa kiwandani. Koti la mtoto lilipatikana mwaka 1986 karibu na mapango ya mbwa hao, na hukumu ikafutwa mwaka 1988. Dhana ilijengwa juu ya dhana, na ya kwanza haikuwa imethibitishwa.

Kwa Afrika Mashariki kipimo kiliwekwa mwaka 1949, Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki ilipoamua kesi ya Kipkering arap Koske kutoka Kenya. Mambo yanayomkandamiza mshtakiwa lazima yasipatane kabisa na kutokuwa kwake na hatia, na yasiwe na maelezo mengine ya busara isipokuwa kwamba yeye ndiye mkosaji. Mwaka 1958, katika kesi ya Simon Musoke kutoka Uganda, mahakama hiyo ilisisitiza tahadhari nyingine: kabla ya kufikia hatia, mahakama ihakikishe hakuna jambo lingine linalodhoofisha hitimisho hilo. Mzigo wa kuthibitisha hubaki kwa upande wa mashtaka. Mshtakiwa halazimiki kumtaja muuaji mwingine.

Basi ukisikia mtu ametiwa hatiani bila shahidi wa macho, usiharakishe kusema ameonewa, wala usiridhike kwa sababu tu mambo dhidi yake ni mengi. Uliza kama kila jambo limethibitishwa lenyewe, kisha uliza kama yote kwa pamoja yanaweza kuelezwa kwa busara bila yeye kuwa mkosaji. Yakiweza, hata kama maelezo hayo ni ya namna moja tu, sheria inataka aachiwe huru.