Vijiti, mistari na picha: jinsi uwezekano unavyokadiriwa

Kijiti kikirushwa juu ya karatasi yenye mistari sambamba, ama kitalala katikati ya mistari miwili bila kuigusa, ama kitaukata mmojawapo. Swali la uwezekano wa kijiti kukata mstari liliwasilishwa mwaka 1733 katika Akademia ya Sayansi ya Paris na Georges-Louis Leclerc, Mfaransa anayejulikana zaidi kwa jina la Buffon, na likachapishwa katika kitabu chake mwaka 1777. Hadi leo ni mojawapo ya majaribio mepesi kufanyika mezani, maana linahitaji pakiti ya vijiti vya kuchokolea meno, karatasi ya manila, rula na simu yenye kamera. Linafaa pia kwa sababu jibu lake sahihi linajulikana, hivyo kila kadirio linaweza kupimwa lilivyo mbali na ukweli.

Urefu wa kijiti ukiwa sawa na nafasi kati ya mistari, tuseme milimita 65 kwa 65, uwezekano wa kukata ni 2 kugawanywa kwa pai, yaani 0.6366. Sababu yake inaonekana kwa kuangalia pembe. Kijiti kilicholala sambamba na mistari karibu hakikati chochote, na kilichokaa kukingama kabisa hukata daima. Vijiti vingine vyote viko kati ya hali hizo mbili, na wastani wa sehemu ya nafasi wanayoikinga, pembe zote zikichukuliwa kwa usawa, ni hiyo 0.6366. Pai inaingia hapo kwa sababu kijiti kinaweza kugeukia upande wowote wa duara.

Kurusha kijiti kimoja kimoja na kuandika matokeo daftarini kunachosha, na anayechoka hukosea. Njia iliyo bora ni kumwaga vijiti 50 kwa mara moja kutoka kimo cha mkono, kupiga picha kutoka juu, kuvikusanya, kuvichanganya na kuvimwaga tena. Picha inabaki kama ushahidi. Inaweza kukuzwa, na watu wawili wanaweza kuihesabu kila mmoja peke yake kisha walinganishe. Anayehesabu huweka kitone juu ya kila kijiti alichokipitia, ili asikirudie wala kukiruka.

Kamera kuinama kidogo hakuharibu hesabu kama wengi wanavyodhani. Mistari itaonekana kusogeleana upande wa mbali, lakini kijiti kilicholala bapa na kukata mstari kwenye karatasi kitaukata kwenye picha pia. Tatizo liko kwenye unene. Kijiti kina unene wa milimita kama mbili, na pale kilipolalia kijiti kingine kinainuka juu ya karatasi. Kikitazamwa kwa upande, ncha yake huonekana imevuka mstari ambao kwa kweli haijaufikia. Kwa hiyo simu hushikwa juu kabisa ya katikati ya karatasi, na taa huwekwa mahali ambapo kivuli cha kijiti hakitahesabiwa kuwa ncha.

Chukulia picha moja imetoa vijiti 30 vilivyokata kati ya 50. Kadirio ni 30 kwa 50, yaani 0.60. Je, linaweza kuwa limekosea kwa kiasi gani? Ukubwa wa kawaida wa kosa la bahati unapatikana kwa kanuni √(p(1−p)/n), ambapo p ni uwezekano na n ni idadi ya vijiti. Asiyejua p ya kweli huweka lile kadirio lake mahali pake, na jibu halibadiliki sana. Kwa vijiti 50 kanuni hiyo inatoa karibu 0.068. Katika marudio mengi ya jaribio, kama theluthi mbili ya makadirio huangukia ndani ya umbali huo kutoka kwenye ukweli, na yapata 95 katika kila 100 ndani ya mara mbili yake. Kwa hiyo picha iliyotoa 0.60 inasema tu kwamba uwezekano uko mahali fulani kati ya 0.46 na 0.74. Ni habari hafifu.

Picha 4, zenye vijiti 200, hushusha kosa hadi 0.034. Picha 16 zenye vijiti 800 huleta 0.017, na picha 64 zenye vijiti 3,200 huleta 0.0085. Kila mara kazi inapozidishwa kwa nne, kosa linapungua kwa nusu tu, kwa kuwa n imekaa chini ya kipeuo cha pili. Kupunguza kosa mara kumi kunadai vijiti mara mia.

Mtu anaweza kufikiri kwamba vijiti vikiwa vingi, ziada na upungufu hufutana kabisa. Hazifutani kabisa. Katika vijiti 50 hesabu ya waliokata huyumba kwa kawaida vijiti vitatu na nusu hivi kutoka kwenye 32 zinazotarajiwa. Katika vijiti 3,200 inayumba kwa vijiti 27. Myumbo wenyewe umekua, na anayehesabu vijiti kwa idadi angesema mambo yameharibika. Lakini umekua mara nane wakati idadi ya vijiti imekua mara 64, hivyo ukigawanywa kwa jumla unakuwa mdogo. Kijiti kilichokwisha kuanguka hakilazimishi kinachofuata kufidia. Ziada ya mwanzo haifutwi, inazamishwa tu katika wingi wa vijiti vinavyokuja baadaye.

Mwanafalaki wa Uswisi Rudolf Wolf alifanya jaribio hili katikati ya karne ya 19 kwa sindano ya milimita 36 na mistari iliyoachana kwa milimita 45. Katika mirusho 5,000 sindano ilikata mara 2,532. Hiyo ni 0.5064, wakati uwezekano wa kweli kwa vipimo vyake ni 0.5093. Amekosea kwa 0.0029, na kosa la kawaida kwa mirusho 5,000 ni 0.007. Matokeo yake yamekaa pale hasa ambapo matokeo ya kweli hutarajiwa kukaa, na yakigeuzwa kuwa kadirio la pai yanatoa 3.1596.

Mwaka 1901 Mwitaliano Mario Lazzarini alitangaza mirusho 3,408, sindano ikiwa imekata mara 1,808, na akapata pai ya 3.1415929, sahihi kwa tarakimu sita baada ya nukta. Hapo msomaji aliyefuata hesabu ya kipeuo cha pili anapaswa kusita. Kwa mirusho mingi kiasi hicho pai huyumba kwa kawaida 0.05 hivi. Sindano moja tu zaidi ingekata, jibu lingekuwa 3.1399, na tarakimu zote hizo nzuri zingepotea. Ukweli ni kwamba vipimo vyake vilikuwa sentimita 2.5 kwa 3, vikitoa sehemu ambayo huzalisha 355/113, kadirio la pai lililojulikana tangu zamani, iwapo mtu atasimama kwenye mirusho ambayo ni kigawe cha 213. Na 3,408 ni 213 mara 16. Anayechagua wakati wa kusimama kwa kutazama jibu hajakadiria kitu. Ndiyo maana idadi ya picha huamuliwa kabla ya kumwaga kijiti cha kwanza, na hakuna picha inayofutwa kwa kuwa imetoa namba isiyopendeza.

Yote hayo yanahusu kosa la bahati. Kuna kosa la aina nyingine ambalo wingi wa vijiti haulipunguzi hata kidogo, na kwenye picha huingilia pembezoni. Chukulia karatasi yenye nafasi nane, na kingo zake za juu na chini ziko pale mistari ya mwisho ilipo. Vijiti vingine huangukia ukingoni, nusu ndani nusu nje. Wengi huamua kuhesabu vile tu vilivyo ndani kabisa, na uamuzi huo unaonekana wa haki. Lakini ukingo umekaa mahali pa mstari, na vijiti vinavyouvuka ndivyo hasa vilivyopaswa kuandikwa kuwa vimekata. Vikitupwa, wanaobaki wana upungufu wa wakataji. Kwa nafasi nane, hesabu inaonyesha kwamba kadirio litaelekea 0.605 badala ya 0.637.

Katika vijiti 100 upungufu huo wa 0.03 hauonekani, kwa sababu kosa la bahati ni 0.048 na linaufunika. Katika vijiti 1,000 kosa la bahati limeshuka hadi 0.015, na kadirio linaanza kuonekana limepotoka. Katika vijiti 10,000 mhesabu ana jibu lisilo sahihi lakini analiamini kabisa. Dawa ni rahisi: kijiti kihesabiwe kwa kuangalia pale katikati yake palipo. Kama katikati yake iko ndani ya karatasi, kinaingia katika hesabu, na kama kinauvuka ukingo kimekata. Kama katikati yake iko nje, hakihesabiwi hata kama ncha yake imeingia.

Ncha zenye mashaka nazo zinahitaji kanuni ya mapema. Kijiti kimoja katika kila picha kinachoonekana kugusa tu mstari, kikihesabiwa daima kuwa kimekata, kinapandisha kadirio kwa 0.02. Wahesabu wawili wakitofautiana kwa kijiti kimoja au viwili katika kila picha, tofauti hiyo ndiyo kipimo cha kosa la macho, na haina budi kuandikwa kando ya kosa la bahati.

Picha zenyewe hufichua mengi zikipangwa. Vijiti 50 vikianguka kila kimoja kivyake, hesabu za picha nyingi hutawanyika kati ya 25 na 39, na kama theluthi mbili kati ya 28 na 35. Picha zote zikitoa 31, 32 au 33, kuna uwezekano mkubwa kwamba mtu amekuwa akizichagua au akizirekebisha kuelekea jibu analolijua. Zikitawanyika kutoka 15 hadi 45, vijiti vimeanguka kwa mafungu, vikielekea upande mmoja kwa kuwa vilishikwa pamoja mkononi bila kuchanganywa. Hapo vijiti 50 havina uzito wa majaribio 50, na ile kanuni ya kipeuo cha pili inatoa kosa dogo kuliko lilivyo.

Anayetaka kosa la bahati la 0.001 angehitaji vijiti takriban 231,000, au picha zaidi ya 4,600. Lakini urefu wa kijiti tu unaweza kumwangusha kabla ya hapo: kikiwa na milimita 64 badala ya 65, uwezekano wake wa kweli ni pungufu kwa karibu 0.01. Kosa la bahati hufika kiwango hicho baada ya vijiti kama 2,300, picha 46. Baada ya hapo, muda ambao ungetumika kumwaga vijiti zaidi una faida kubwa ukitumika kupima upya vijiti kwa rula na kurudia kuhesabu picha zilizopo.