Kuamka Saa Tisa Usiku na Kusahau Majina

Shangazi yangu ana miaka 48, anaishi Birmingham na anafanya kazi ya kutunza wazee. Siku moja alinipigia simu akilia. Alikuwa amesahau jina la mzee anayemhudumia kila siku, na wiki hiyo wali ulikuwa umemuungulia mara mbili. "Mwanangu, nimeanza kama bibi yako," alisema. Bibi alipotewa na kumbukumbu kabla ya kufariki, na shangazi alikuwa tayari anafikiria kuacha kazi.

Nilimuuliza analalaje. Akasema usingizi humjia haraka, lakini saa tisa usiku huamka amelowa jasho, moyo ukimwenda mbio, asilale tena mpaka alfajiri. Hedhi nayo ilikuwa ikiruka miezi.

Miaka michache kabla ya hedhi kukoma, homoni ya estrojeni hupanda na kushuka bila mpangilio, na projesteroni, ambayo husaidia kutuliza ubongo, hupungua. Estrojeni ikishuka, sehemu ya ubongo inayopima joto la mwili hushtuka upesi. Joto likipanda kidogo tu, mwili humwaga jasho na usingizi hukatika. Mtu aliyekatiziwa usingizi usiku baada ya usiku hawezi kushika majina mchana.

Jina linalopotea kisha likarudi jioni mara nyingi ni ukungu wa namna hii. Kupotea kwenye njia unayoipita kila siku ni jambo jingine. Hilo mwone daktari mapema.

Nilimwambia aandike kwa wiki mbili saa za kulala na kuamka, jasho, na siku za hedhi. Aamke saa ileile kila siku, aache chai na kahawa baada ya adhuhuri, atumie shuka za pamba na chumba kiwe baridi. Akikaa macho kama dakika 20, atoke kitandani, akae kwenye mwanga hafifu mpaka asinzie. Zile dawa za mzio zinazoleta usingizi aziache, kwani huongeza uzito wa kichwa asubuhi.

Daftari hilo alimpelekea daktari wake. Mwanamke aliyepita miaka 45 mwenye dalili hizi kwa kawaida hahitaji kipimo cha homoni, ila alipimwa damu na tezi ya shingo, maana upungufu wa damu na tezi iliyolegea navyo huleta uchovu na usahaulifu. Vyote vilikuwa salama. Akapewa plasta ya estrojeni, pamoja na kidonge cha projesteroni cha usiku, kwa kuwa bado ana kizazi na estrojeni peke yake ingeweza kukidhuru. Aliyewahi kuugua saratani ya matiti kwa kawaida hapewi. Kwake kuna dawa nyingine za kupunguza jasho, na tiba ya mazungumzo ya usingizi.

Baada ya miezi miwili shangazi anaamka mara moja moja tu. Yule mzee anamwita kwa jina lake, na kazi hakuiacha.