Babu, Simu Yako Haijarogwa

Babu alinipigia kwa simu ya jirani. Yake, alisema, imeingiliwa na mtu: akigusa picha ya ujumbe, sauti inasema "ujumbe", akigusa tena, inarudia neno lilelile, na hakuna kinachofunguka. Alikuwa ameizima na kuiwasha mara tatu, wapi! Fundi wa sokoni akamshauri ifutwe yote, pamoja na picha za marehemu bibi.

Nikamuuliza kama anaona kijifremu cha rangi kuzunguka kitu anachogusa. Akasema kipo. Hapo nikajua ni TalkBack, kisomaji cha skrini kilichomo kwenye simu nyingi za Android, kilichotengenezwa ili wasioona waweze kutumia simu kwa kusikiliza. Jioni ile nikamwandikia karatasi kwa herufi kubwa:

"Shikamoo Babu. Simu yako ni nzima, usikubali ifutwe. Ubavuni ina kitufe cha kuongeza sauti na cha kupunguza. Vibonyeze vyote viwili kwa pamoja, uvishikilie huku ukihesabu polepole moja, mbili, tatu, kisha uachie. Nadhani hata kuwaka iliwaka hivyo, ulipoibana kiganjani ukiifuta vumbi.

Ikiendelea kusema, usihangaike. Wakati huu kugusa mara moja ni kuuliza 'hiki ni nini?' Kukifungua, ukishasikia jina lake, gusa mara mbili upesi, kama mtu anayebisha hodi. Namba zako za siri ziingize hivyohivyo, moja moja. Kusogeza ukurasa juu au chini, tumia vidole viwili kwa pamoja, kimoja hakitausogeza.

Basi fungua Mipangilio, kisha Ufikivu, kisha TalkBack. Utaona swichi. Iguse mara moja, isikilize, halafu igonge mara mbili. Simu ikikuuliza kama kweli unataka kuzima, kubali kwa namna hiyohiyo. Ukigusa kitu mara moja kikafunguka, ujue imezimika."

Kuizima na kuiwasha simu hakukumsaidia kwa sababu TalkBack ni mpangilio uliohifadhiwa. Simu ikiamka, nao unaamka. Na vile vitufe viwili havifanyi kazi kwenye kila simu: ni lazima njia hiyo ya mkato iwe imeruhusiwa, ndiyo maana nilimwandikia na njia ndefu.

Kwake vitufe vilitosha. Alinipigia asubuhi, safari hii kwa simu yake mwenyewe. Nilipomtembelea, niliingia tena kwenye Ufikivu nikaiondoa njia ya mkato, isije ikaiwasha TalkBack siku nyingine mfukoni. Nikamwambia kwamba sasa, ikitokea tena, ni ile njia ndefu tu. Akaikunja karatasi, akaichomeka ndani ya kava, nyuma ya simu.