Je, Wajua? Oksijeni Inayotoka Juani

Hospitali ya Jinja, Uganda, imewahi kuwatibu watoto wenye nimonia kwa oksijeni iliyozalishwa kwa umeme wa jua.

Mashine ya oksijeni ya lita 5 kwa dakika hula takribani wati 350. Usiku wa saa 12, hizo ni uniti 4.2. Ukihesabu umeme unaopotea kwenye inveta, na betri ya lithiamu isishuke chini ya asilimia 20, inahitajika betri ya uniti 6 hivi. Mawingu ya kutwa hayamo humo!

Ndiyo maana mtungi wa oksijeni uliojaa hukaa kando ya kitanda, regyuleta ikiwa imeshaunganishwa. Umeme ukikatika, muuguzi huuhamishia mpira hapo mara moja. Hata ukirudi, mashine huchukua dakika kadhaa kutoa oksijeni safi ya kutosha.