Vipele Viondoe, Kovu Liache

Mabwana harusi wengi wa Dar es Salaam humwachia mhariri wa picha maneno mawili tu: tutengenezee vizuri. Hapo mhariri hubaki akibahatisha. Atalainisha nyuso, atapunguza matumbo, atang'arisha meno, halafu familia itapokea albamu nzuri ya watu isiowafahamu sawasawa. Ndiyo maana barua niliyoandikiwa na kijana mmoja wiki ile ile ya harusi yake naiona ni ya thamani, na kwa ruhusa yake naieleza hapa bila kutaja majina. Ilikuwa barua ya mtu mwenye wasiwasi, lakini wasiwasi wake ulimfanya aangalie kwa makini.

"Kaka, shikamoo," alianza. "Nimeziangalia picha za mwanzo usiku kucha na moyo haujatulia. Uniwie radhi kwa usumbufu. Nimeandika mambo madogo ya kurekebisha, na mengine naomba usiyaguse kabisa."

La kwanza lilikuwa uso wake. "Vipele vya kidevuni vilinitoka kwa sababu nilinyolewa asubuhi ile ile. Viondoe. Kovu la juu ya nyusi nililipata nilipoanguka mwembeni nikiwa darasa la tatu. Hilo liache."

Bila kujua, alikuwa ametaja kanuni inayotumiwa na wahariri wengi wa picha za watu: kitu ambacho kingeondoka chenyewe baada ya wiki mbili kinaweza kuondolewa, na kile ambacho mtu angekuwa nacho bado baada ya wiki mbili kinabaki mpaka mwenyewe aseme. Vipele vya ndevu huondoka. Nywele zilizojisokota, zikikatwa karibu sana na ngozi, hugeuka na kuichoma wakati zinapoota, na ngozi huvimba. Ndiyo sababu huwashauri wateja wangu wanyolewe siku mbili au tatu kabla ya harusi. Kovu, mwanya, alama ya kuzaliwa na makunyanzi ya bibi ni vya mwenyewe.

Kuondoa kipele ni kazi ya sekunde chache. Katika Photoshop kuna kifaa kinachoitwa Healing Brush: unachukua ngozi safi ya jirani, unaipaka juu ya kipele, na kompyuta inalinganisha rangi na mwanga wa pale. Taabu huanza mhariri anapochoka kufuata kipele kimoja kimoja, akaamua kuulainisha uso mzima kwa mkupuo. Vipele vinaondoka na vinyweleo vinaondoka navyo. Msomaji anaweza kugundua hilo mwenyewe. Vuta picha ukaribie shavu, kisha tazama mkono wa mtu huyo huyo. Kama mkononi unaona vinyweleo na mistari midogo ya ngozi, na shavuni huoni kitu, uso huo umefutwa. Mimi hufanya marekebisho yote kwenye tabaka la juu, picha ya asili ikiwa chini bila kuguswa, na nikimaliza napunguza nguvu ya tabaka lile mpaka ngozi irudi kuwa ngozi.

Jambo la pili lilikuwa jasho. Paji lake la uso liling'aa katika picha za kanisani. Hapa ilibidi nimweleze mpaka wa uwezo wetu. Kwenye picha ya kawaida, kila nukta ina kiasi cha nyekundu, kijani na bluu, na kila kimoja kinahesabiwa kuanzia 0 hadi 255. Mng'aro ukiwa mkali lakini haujafika juu kabisa, rangi ya ngozi bado imo ndani yake na tunaweza kuushusha. Zote tatu zikigonga 255, kamera haikuandika ngozi pale. Iliandika weupe mtupu, na chochote nitakachopaka hapo ni ngozi ya kuazima. Kwa bahati alipigwa kwa faili za RAW, ambazo hutunza kumbukumbu nyingi za mwanga kuliko picha ya kawaida ya simu, na paji lote lilirudi isipokuwa doa dogo karibu na nywele. Sikuuondoa mng'aro wote. Uso usio na mng'aro hata kidogo huonekana bapa, kwa sababu mng'aro ndio unaoonyesha umbo la paji na pua.

Kisha likaja jambo lililonifanya niisome barua ile mara ya pili. "Uso wa mke wangu umetoka mweupe kuliko mabega na mikono yake. Sisi tuliokuwepo hatukumwona hivyo. Watu watadhani anapaka mkorogo. Mrudishie rangi yake, na tafadhali usimng'arishe hata kidogo, hata shangazi zake wakikuomba."

Kosa hili linajulikana kwa wapiga picha na warembaji. Baadhi ya poda za kumalizia vipodozi zina silika, na baadhi ya vipodozi vya kukinga jua vina madini ya titani au zinki. Kwa macho, ukumbini, huoni tofauti. Flashi ya kamera inapopiga uso kutoka mbele, chembe hizo huurudisha mwanga moja kwa moja kwenye lenzi, na uso hutoka kama uliopakwa majivu, huku mabega yasiyo na poda yakibaki na rangi yake. Mrembaji makini hujaribu kwa kupiga picha moja ya flashi kabla bibi harusi hajatoka chumbani.

Marekebisho yake yana njia mbili. Njia rahisi ni kung'arisha mabega yafanane na uso, na wateja wengi huifurahia. Njia sahihi ni kuushusha uso ufanane na mwili. Swali ni ufanane na sehemu gani. Shingo inadanganya, kwa sababu chini ya kidevu daima kuna kivuli. Ukilinganisha uso na hapo utamfanya bibi harusi awe mweusi kupita alivyo. Mimi huchukua mfupa wa mtulinga au juu ya bega, pahali panapopata mwanga ule ule unaopata uso. Nilizungushia uso peke yake, nikashusha mwanga kidogo, nikaongeza wekundu na umanjano uliokuwa umefunikwa na poda, nikayaacha macho na meno yalivyo.

Nalichukulia kwa uzito suala hili kwa sababu vifaa vyetu vina historia nalo. Enzi za filamu, maabara za kuchapa picha zilirekebisha mashine zao kwa kadi za kulinganishia rangi zilizotolewa na Kodak, maarufu kwa jina la kadi za Shirley. Kwa miaka mingi mtu aliyekuwa kwenye kadi hizo alikuwa mwanamke mzungu. Rangi yake ikitoka vizuri, mashine ilihesabiwa iko sawa, na uso mweusi uliopita kwenye mashine hiyo ulitoka vyovyote ulivyotoka. Kamera za leo ni bora sana kuliko hizo. Lakini ukiiachia kamera ijichagulie mwanga mbele ya uso mweusi na gauni jeupe, bado inaweza kukosea, na programu nyingi za simu za "kupendezesha" picha hung'arisha ngozi bila hata kukuuliza. Bwana harusi aliyeandika mrudishie rangi yake alikuwa anaomba usahihi, na mhariri anayestahili kulipwa hapaswi kuhitaji kukumbushwa.

Picha za ukumbini zilikuwa na taa za zambarau, zile zinazozunguka na muziki. Aliuliza kama naweza kuzitoa. Taa za aina hiyo humwaga bluu na nyekundu, na kijani karibu hakipo kabisa. Rangi ya ngozi inahitaji zote tatu, kwa hiyo kisichofika kwenye kamera hakirudi. Ukilazimisha, nyuso zinakuwa za kijivu zenye mabaka. Nilimjibu kwamba picha chache za kucheza zingebaki na zambarau yake, kwa kuwa ndivyo ukumbi ulivyokuwa, na zile zenye sura muhimu zingekuwa nyeusi na nyeupe, ambako rangi iliyoharibika haina pa kuonekana. Alikubali.

"Kwenye picha ya pete, mkono wangu una ukungu kwa sababu nilikuwa natetemeka," aliendelea. "Nimeona mengine yote yako wazi. Usijaribu kuutuliza."

Hata ningejaribu, nisingefika mbali. Kanisa lilikuwa na giza, padri hakuruhusu flashi, na mpiga picha aliacha kamera wazi kwa sehemu ya 1 kwa 50 ya sekunde. Kichwa kilichotulia hutoka wazi kwa muda huo, mkono unaotetemeka hausubiri. Dawa yake ni ya wakati wa kupiga: kwenda 1 kwa 200 na kuvumilia chengachenga zinazoletwa na kuongeza ISO. Baada ya hapo, programu za kuondoa ukungu huchora kingo za kubuni, na mara nyingi kidole kimoja huwa na kingo mbili. Picha ile ilikuwa na uso wa kijana ukiwa wazi kabisa, macho yamekazia kidole cha mkewe, na mkono wake tu ndio unaokwenda. Ndiyo picha iliyoeleza harusi yake vizuri kuliko zote. Niliiacha.

Mambo mengine yalikwenda haraka. Chupa za maji kwenye meza kuu, waya wa spika na simu iliyotuna kwenye mfuko wa suruali niliviondoa bila maswali. Shangazi aliyefumba macho kwenye picha ya familia nilimpatia uso wake mwenyewe kutoka picha iliyopigwa mara tu baada ya ile, akiwa amesimama pale pale na kwa mwanga ule ule. Wapo wanaolipinga hilo. Mimi naona macho yake yalikuwa wazi siku ile, kamera ndiyo iliyopepesa.

Ombi la mwisho lilihusu babu. Alikuwa mgonjwa, hakufika, na wajomba walitaka apachikwe kwenye picha ya familia kutoka picha yake ya zamani. "Usimpachike, kaka, hata wakikupigia simu." Na kweli wakapiga. Niliwaeleza kwamba picha yao ya babu ilipigwa nje, jua likitoka kushoto juu, ilhali familia ilipigwa ndani kwa taa ya upande wa kulia. Kivuli cha pua yake kingelala upande wake peke yake, na miguu yake ingehitaji kivuli cha kuchora sakafuni. Lakini sababu ya kijana haikuwa ya vivuli. Babu yu hai, alisema, na ataiona picha hiyo, na anajua hakuwepo.

Maharusi walivaa tena suti na gauni, wakaenda kwake Kibaha, nikawapiga watatu hao kando ya dirisha la sebuleni. Babu aliomba makunyanzi yasiguswe. Picha hiyo ilichapwa kwenye ukurasa unaofuata ile ya familia, ikiwa na tarehe yake yenyewe chini yake.