Saa, Ishara na Mtenda: Ratiba ya Kazi ya Ukumbi wa Harusi katika Safu Mbili za Lugha

1.0 Utangulizi

Katika kumbi nyingi za hoteli jijini Dar es Salaam, tafrija ya harusi huongozwa na karatasi mbili zinazofanana kwa sura lakini zinazotofautiana kwa kazi. Ya kwanza ni ratiba ya sherehe, ambayo kamati ya harusi humkabidhi mshereheshaji ili ajue nani atazungumza, keki itakatwa lini na zawadi zitatolewa kwa utaratibu gani. Ya pili ni ratiba ya kazi. Hii haionwi na mgeni hata mmoja. Hubandikwa jikoni, stoo na kwenye mlango wa nyuma wa ukumbi, nayo humwambia kila mtumishi afanye nini na wakati gani. Ratiba hii ya pili aghalabu huandikwa kwa lugha mbili: safu ya Kiingereza, ambayo ndiyo lugha ya mikataba na kumbukumbu za ofisi, na safu ya Kiswahili kwa ajili ya wahudumu, wapishi na walinzi.

Makala haya yanachunguza namna safu hizo mbili zinavyoweza kuwa na tafsiri sahihi ya kila neno na bado zikaamuru mambo tofauti. Tutatumia mfano wa harusi ya siku ya Jumamosi yenye wageni 300, walioketi katika meza 30 za watu kumi kumi, na wahudumu 15, kila mmoja akiwa na meza mbili. Mfano huu tumeujenga sisi wenyewe ili hesabu zake ziwe nyepesi kufuatwa. Matatizo yanayojadiliwa, hata hivyo, si ya kubuni.

2.0 Saa za maandalizi

Tofauti ya saa sita baina ya hesabu ya Kiswahili na ya Kiingereza inajulikana na kila msomaji wa jarida hili, na yumkini ataona si jambo la kulijadili. Mswahili huhesabu saa tangu mapambazuko na tangu magharibi. Hivyo saa 10:00 ya Kiingereza kabla ya adhuhuri ni saa nne asubuhi. Hakuna mfasiri asiyelijua hilo. Lakini ratiba ya kazi mara nyingi haifasiriwi na mfasiri. Hupigwa chapa na karani ambaye hufasiri maneno na kuziacha namba kama alivyozikuta, kwa kuwa machoni pake namba haina lugha.

Tuliwahi kushuhudia matokeo ya jambo hilo katika ukumbi mmoja. Safu zote mbili ziliandikwa kwamba keki italetwa saa 10:00. Dereva wa keki alikuwa na hati yake ya Kiingereza, akafika saa nne asubuhi kama ilivyotakiwa. Mlinzi wa mlango wa nyuma alikuwa amesoma safu ya Kiswahili na alikuwa akiitazamia keki saa kumi jioni. Mtunza stoo, ambaye ndiye aliyekuwa na ufunguo wa chumba cha baridi, naye alikuwa ameisoma safu hiyo hiyo, na kwa hiyo alipanga kuingia kazini saa tisa. Keki ilikuwa ya ghorofa tatu, imepakwa krimu ya siagi, na joto la mwezi Machi katika mji huo halina huruma. Kabla ya saa sita mchana krimu ya ghorofa ya chini ilikuwa imekwisha kuanza kuteremka. Wote watatu walikuwa wamesoma sawasawa kile kilichoandikwa mbele yao.

Inafaa kujiuliza kwa nini makosa ya namna hii hutokea zaidi katika saa za maandalizi kuliko saa za sherehe yenyewe. Jibu ni kwamba sherehe hulindwa na akili ya msomaji. Mhudumu akikuta imeandikwa kuwa wageni watapokewa saa 7:00, hawezi kudhani ni saa saba usiku, maana hakuna harusi inayopokea wageni wakati huo. Atatambua mara moja kuwa namba ni ya Kiingereza na kwamba kinachokusudiwa ni saa moja usiku. Kazi za mchana hazina kinga hiyo. Saa 8:00 ya Kiingereza, ambayo ni saa mbili asubuhi, ikisomwa kuwa saa nane mchana bado ni wakati wa kufaa kabisa kupanga viti. Saa 6:00 ya alfajiri ikisomwa kuwa saa sita mchana bado ni wakati wa kufaa kupokea barafu. Kosa halionekani kwa sababu linaingia akilini.

Baadhi ya ofisi zimejaribu kuliondoa tatizo kwa kutumia saa 24. Njia hiyo husaidia kwa sehemu tu. Namba kuanzia 13 hadi 23 haziwezi kusomwa Kiswahili, na wala Kiswahili hakina saa sifuri; lakini 06:00 hadi 12:00, ambazo ndizo saa za hatari, hubaki na sura ile ile. Lililo salama zaidi ni kuiandika safu ya Kiswahili kwa maneno pamoja na kipindi cha siku: saa nne asubuhi, saa saba mchana, saa kumi na moja jioni. Ofisi inayopenda kuendelea na tarakimu inaweza kufanya ukaguzi mwepesi. Kwa kuwa hesabu hizi mbili hazikutani wakati wowote wa siku, mstari mmoja wa ratiba hauwezi kuwa na namba ile ile ya saa katika safu zote mbili. Ikiwepo, safu mojawapo imekosewa. Hata msimamizi asiyejua Kiswahili anaweza kulibaini hilo kwa kupitisha kidole.

3.0 Ishara badala ya saa

Mara sherehe inapoanza, saa hupoteza mamlaka yake. Ratiba husema maharusi wataingia saa moja na nusu usiku, na saa hiyo maharusi wako bado kwa mpiga picha. Kuanzia hapo kila mstari wenye saa ni wa uongo, na msimamizi mwenye uzoefu hutegemea ishara: jambo fulani likitendeka, jingine lifuate. Hapa ndipo sarufi ya kitenzi inapoingia ukumbini.

Tuchukue mstari wa shampeni. Safu ya Kiingereza huagiza imiminwe wakati keki inapokatwa, na kiunganishi kimoja cha lugha hiyo hutosheleza. Mwandishi wa safu ya Kiswahili hana budi kuchagua. Akiandika “keki inapokatwa”, anaamuru vitendo viwili viende sambamba. Akiandika “keki ikishakatwa”, anaamuru cha kwanza kikamilike kabla ya cha pili. Akiandika “keki ikikatwa”, anawaachia wahudumu wachague, kwa maana kiambishi -ki-, kama alivyokwisha kukieleza Ashton katika sarufi yake ya mwaka 1944, hubeba sharti na pia kitendo kinachoendelea wakati wa kingine. Ukumbini uchaguzi huo hugeuka kuwa nusu ya wahudumu wakimimina na nusu wakiwa wamesimama ukutani.

Lakini je, ipi kati ya hizo ni sahihi? Hebu tuangalie kazi yenyewe. Chupa ya mililita 750 hutoa glasi sita za mililita 125. Meza ya watu kumi inahitaji chupa mbili, hivyo kila mhudumu ana chupa nne za kufungua na glasi 20 za kujaza. Tukikisia sekunde 20 kwa kila glasi pamoja na kufungua chupa na kuzunguka meza, atamaliza kwa dakika saba hivi. Keki nayo haikatwi na kuisha. Maharusi hukata, hulishana, kisha huwapelekea wazazi wa bibi harusi, halafu wazazi wa bwana harusi, na kila hatua ina nyimbo na vigelegele vyake. Katika mfano wetu tuseme dakika 20. Wahudumu wakianza kisu kinapogusa keki, glasi za mwanzo zitakaa zaidi ya dakika kumi na tano, na povu litakuwa limetoweka wakati wa kugonganisha. Wakisubiri hadi shughuli yote iishe, mshereheshaji atawainua wageni wakiwa na glasi tupu mikononi.

Kwa hiyo hakuna tafsiri hata moja ya ule mstari iliyo sahihi, kwa sababu mstari wenyewe haukuwa umeamua. Kiingereza kiliuficha upungufu huo. Kiswahili kiliufichua kwa kudai kiambishi. Mstari unaofaa hutaja ishara ndogo zaidi: “Maharusi wakianza kwenda kwa wazazi wa bwana harusi, wahudumu wamimine shampeni.” Kitenzi “anza” kinaifunga ile -ki- yenye njia mbili, maana kuanza hutokea mara moja. Nasi tungependekeza kwamba safu ya Kiingereza ndiyo irekebishwe kwa kufuata ya Kiswahili, jambo ambalo ofisi nyingi hazilifikirii kamwe, kwa vile huichukulia safu ya pili kuwa kivuli cha ya kwanza.

4.0 Nani atende

Safu ya Kiingereza hupenda vifungu visivyo na mtenda, mfano wa “vyombo vimeondolewa mezani”, ambavyo katika lugha hiyo husomeka kama agizo. Vikifasiriwa hivyo hivyo huwa taarifa: msomaji wa Kiswahili ataelewa kuwa kazi imekwisha kufanyika. Baadhi hukimbilia “vyombo viondolewe”. Hali imekuwa agizo, ila mtenda bado hayupo, na wahudumu wa meza humngojea mtu wa jikoni kama yeye anavyowangojea wao.

Kumtaja mtenda kwa kiambishi pekee hakutoshi, kwani wa- hukusanya watu wote. Katika “wakishaketi, wawape maji”, waliokaa ni wageni au maharusi, na watoao maji ni nani? Nomino haina budi kurudiwa hata kama mtindo utachosha: “Wageni wakishaketi, wahudumu wa meza 1 hadi 10 wawape wageni maji.” Pana faida nyingine ya umbo hili la nafsi ya tatu. Amri tupu kama “ondoa” au “mimina”, ikibandikwa ukutani na kusomwa na mpishi mwenye umri wa kumzaa aliyeiandika, huonekana ufidhuli. “Wapishi waondoe” humpa kazi bila kumkemea.

5.0 Usiku wa kuamkia Jumapili

Mistari ya mwisho hurudi tena kwenye saa, na safari hii siku nayo huingia. Gari la kuchukua viti vya kukodi huitwa saa 00:30, ambayo kwa kalenda ya ofisi ni Jumapili. Karani huandika “Jumapili, saa sita na nusu usiku”. Wahudumu wengi watasoma kuwa ni usiku unaofuata mchana wa Jumapili, na gari litakuja wakiwa nyumbani. Akiandika “usiku wa Jumapili”, wazee wa pwani, ambao siku yao huanza magharibi, watamwelewa vema kuwa ni usiku wa kuingilia Jumapili. Vijana wengi wa bara watachelewa kwa saa 24. Usemi usioleta mgongano kwa yeyote ni “usiku wa kuamkia Jumapili, saa sita na nusu”, na palipo na nafasi katika safu, itajwe pia ishara: gari liingie uani wageni wa mwisho wakishatoka, maana viti haviwezi kuchukuliwa wakati bado vimekaliwa.