Dawa ya upara na hofu ya nguvu za kiume

Mwaka 2007 madaktari wa Italia walichapisha jaribio dogo linalomfaa kila mwanaume anayewazia kumeza finasteridi. Waliwachukua wanaume 120 wenye tezi dume iliyovimba, wote wakiwa bado wanashiriki tendo la ndoa, wakawapa tembe ya miligramu 5 kila siku kwa mwaka mzima bila kuwatajia jina la dawa. Nusu yao waliambiwa kwamba dawa hiyo inaweza kupunguza hamu, kulegeza uume au kuvuruga utokaji wa shahawa, ingawa si mara nyingi. Nusu ya pili hawakuambiwa lolote kuhusu mambo hayo.

Wanaume 107 walifika mwisho wa jaribio. Kati ya 55 waliotahadharishwa, 24 walilalamika kwamba mambo ya chumbani yameharibika. Kati ya 52 ambao hawakuambiwa kitu, waliolalamika walikuwa 8. Dawa ilikuwa ileile na kipimo kilekile.

Matokeo hayo hutajwa sana na wanaotaka kusema kwamba madhara ya finasteridi yako kichwani tu. Hapo wanakosea. Jaribio lile halikuwa na kundi lililomeza tembe tupu zisizo na dawa, kwa hiyo halisemi hata kidogo dawa yenyewe ilichangia kiasi gani. Linathibitisha jambo moja: hofu peke yake ina uwezo wa kumwangusha mwanaume kitandani, na ina nguvu kuliko wengi wanavyodhani. Ili kujua sehemu ya dawa, lazima kutazama kwingine.

Finasteridi huzuia kimeng'enya kinachogeuza testosteroni kuwa homoni kali zaidi, iitwayo kwa kifupi DHT. Homoni hiyo ndiyo inayofanya mashina ya nywele ya utosini na ya pembe za paji la uso, kwa wanaume waliorithi hali hiyo, yasinyae mwaka hadi mwaka mpaka nywele ziwe laini kama za mtoto. Tembe ya miligramu 1 kwa siku hupunguza DHT ya damuni kwa karibu theluthi mbili. Testosteroni haishuki, bali hupanda kidogo. Ndiyo maana wanaume wengi wanaoitumia hawaoni badiliko lolote la hamu wala nguvu.

Hata hivyo DHT ina kazi nyingine mwilini. Tezi dume huitegemea, na tezi hiyo ndiyo inayotengeneza sehemu ya majimaji ya shahawa. Mwanaume akiona shahawa zimepungua au zimekuwa nyepesi baada ya kuanza dawa, hajidanganyi. Hilo lina sababu ya kimwili inayoeleweka.

Marekani iliidhinisha finasteridi ya miligramu 5 kwa tezi dume mwaka 1992, na ya miligramu 1 kwa upara mwaka 1997 kwa jina la Propecia. Katika majaribio ya upara, wanaume 945 walipewa dawa na 934 wakapewa tembe tupu, bila yeyote kujua amepewa nini. Baada ya mwaka, waliopata tatizo la hamu, usimamaji au shahawa walikuwa asilimia 3.8 kwa waliomeza dawa na asilimia 2.1 kwa waliomeza tembe tupu. Kwa lugha nyepesi, katika wanaume 100 wanaotumia dawa, karibu wanne watapata tatizo, lakini wawili kati yao wangelipata hata bila dawa.

Takwimu hizo zinatuliza moyo, ila zisichukuliwe kuwa neno la mwisho. Majaribio yalifadhiliwa na kampuni ya Merck iliyoitengeneza dawa. Mwaka 2015 watafiti wa Marekani walipitia ripoti 34 za majaribio ya finasteridi kwa upara, wasikute hata moja iliyoeleza usalama wa dawa kwa ukamilifu wa kutosha. Swali linalowatesa zaidi wagonjwa, yaani kama tatizo linaweza kubaki baada ya kuacha dawa, halikupata jibu humo.

Swali hilo lilikuja kuulizwa na wanaume wenyewe. Mamlaka ya dawa ya Marekani ilipochunguza taarifa 421 za matatizo ya kijinsia zilizohusishwa na Propecia kati ya 1998 na 2011, ilikuta 59 ambazo tatizo liliendelea kwa miezi mitatu au zaidi baada ya dawa kuachwa. Mwaka 2012 ikaagiza maelezo ya dawa yataje jambo hilo. Taarifa za aina hii hazionyeshi ni wangapi kati ya watumiaji wote wanaopatwa, wala hazithibitishi kwamba kila tatizo lilitokana na dawa. Lakini kuwaambia wanaume hao kwamba wanawaza tu ni kuwadhulumu. Wapo ambao maisha yao ya ndoa yameumia, na bado hakuna kipimo cha damu cha kuthibitisha hali hiyo wala tiba iliyokubalika.

Upande wa akili nao umepata uzito. Mwezi Mei 2025 kamati ya usalama wa dawa ya Umoja wa Ulaya ilithibitisha kwamba mawazo ya kutaka kujiua ni madhara yanayoweza kutokea kwa watumiaji wa finasteridi, na taarifa nyingi zilitoka kwa waliotumia ya upara. Anayeona huzuni nzito imemwingia baada ya kuanza dawa aache kumeza na amwone daktari upesi, asingoje ipite.

Je, mtu atatambuaje kama tatizo lake linatokana na dawa? Mchukue kijana wa miaka 30 anayeanza kutumia tembe ya miligramu 1. Kabla ya tembe ya kwanza, aandike hali yake ilivyo: hamu, usimamaji wa asubuhi, usingizi, mawazo, dawa nyingine anazotumia. Bila maandishi hayo, baada ya miezi miwili kila usiku mbaya utaonekana umeletwa na dawa. Usimamaji wa asubuhi una thamani ya pekee, maana hauathiriwi sana na wasiwasi wa mbele ya mwenzi. Ukiendelea kama kawaida huku kitandani mambo yakikwama, hofu au uchovu ni mshukiwa wa kwanza. Ukipotea ndani ya wiki chache za kuanza tembe, dawa inastahili kutiliwa shaka.

Akiacha, DHT hurudi kiwango chake cha awali kwa takriban wiki mbili, na kwa wengi hali hutengemaa katika wiki au miezi inayofuata. Isipotengemaa, daktari apime sukari, shinikizo la damu na testosteroni, na aulize habari za sonona na dawa zake, kwa kuwa vyote hivyo huleta dalili zilezile. Nywele alizookoa nazo zitapotea ndani ya mwaka mmoja, na hilo afadhali alijue mapema, kwa sababu dawa huchukua miezi mitatu au zaidi kabla ya kuonyesha faida yoyote.

Wapo wanaonunua tembe ya miligramu 5 ya tezi dume na kuikata vipande vinne kupunguza gharama. Mwenye mke mjamzito asimwachie aguse vipande au unga wake, kwani dawa inaweza kuharibu maumbile ya mtoto wa kiume tumboni. Na mwanaume yeyote anayepimwa damu kwa ajili ya saratani ya tezi dume amwambie daktari kwamba anatumia finasteridi: kipimo cha PSA hushuka kwa karibu nusu, hivyo namba inayoonekana salama huenda si salama.